Kipanya cha Wima na Kipanya cha Mpira: Mipangilio kwa Mkono Unaouma

Mkono unaoshika kipanya cha kawaida hulala kifudifudi, kiganja kikitazama meza. Ili kiganja kifike hapo, mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, hupishana. Kifundo chenyewe huinuliwa nyuma kwa sababu ya kimo cha kipanya, na mara nyingi hupindishwa pia upande wa kidole cha mwisho. Chini ya ngozi ya kifundo, upande wa kiganja, kuna mfereji mwembamba unaopitisha kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja kubwa. Mkono ukikaa hivyo dakika tano haudhuriki. Ukikaa hivyo saa saba kwa siku, huku kidole kikibofya na kifundo kikitikisika kwa miondoko midogo isiyokoma, kano hizo huanza kulalamika.

Watu wengi wanaofikia hapo huambiwa wabadilishe kipanya, nao hununua kimoja kati ya aina mbili. Kipanya cha wima kimejengwa kama ukuta ulioinama kidogo, na mkono hukishika kama unaosalimiana na mtu, kidole gumba kikiwa juu. Mifupa ya kigasha hurudi karibu na hali yake ya asili. Kipanya cha mpira hakisogei kabisa mezani. Kina tufe lililopachikwa juu au ubavuni, na mshale wa kwenye skrini huenda kadiri tufe hilo linavyoviringishwa kwa vidole au kwa kidole gumba. Kifundo kinaweza kutulia kutwa nzima.

Jambo linalosahaulika baada ya kununua ni kwamba vifaa hivi viwili havipunguzi kazi ya mkono, vinaihamisha. Kipanya cha wima huipeleka kwenye kigasha na bega. Kipanya cha mpira huipeleka kwenye vidole. Kwa hiyo mipangilio inayofaa kimoja huweza kumuumiza mtumiaji wa kingine, na mipangilio inayotoka kiwandani mara nyingi haimfai hata mmoja wao. Ndiyo sababu mtu hununua kifaa cha bei, akapata nafuu siku nne, kisha maumivu yakarudi mahali pengine palipo jirani na pale pa kwanza.

Kasi ya mshale hupimwa kwa rula

Kasi ya mshale hutoka sehemu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha tangu mwanzo. Ya kwanza imo ndani ya kipanya chenyewe. Kila kinaposogea inchi moja, ambayo ni sentimita 2.54, kipanya huipelekea kompyuta idadi fulani ya hatua. Idadi hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye boksi kwa herufi DPI. Kipanya cha 800 hupeleka hatua 800 kwa inchi, cha 1600 hupeleka hatua 1600. Ya pili imo kwenye kompyuta: mfumo wa Windows huchukua hatua hizo na kuzizidisha au kuzipunguza kabla ya kuusogeza mshale.

Kwenye Windows 11 kidhibiti hicho kinapatikana katika Settings, kisha "Bluetooth & devices", kisha "Mouse", mahali palipoandikwa "Mouse pointer speed". Kina ngazi 20, na ngazi ya 10 ndiyo ya katikati. Hapo kila hatua ya kipanya ni pikseli moja ya skrini, bila kuongeza wala kupunguza. Ngazi ya 8 hutoa robo tatu ya mwendo huo. Ngazi ya 20 huuzidisha mara tatu na nusu, na hapo mshale hauwezi tena kugusa kila pikseli: huruka. Mtu mwenye mkono unaouma akihangaika kuuweka mshale juu ya msalaba mdogo wa kufungia dirisha, hukaza vidole bila kujijua, na mkazo huo ndio anaoulipia jioni. Kwa hiyo kanuni nzuri ni kuiacha Windows katikati au chini kidogo ya katikati, na kutafuta kasi kwenye kipanya chenyewe.

Karibu na kidhibiti hicho kuna swichi iitwayo "Enhance pointer precision". Jina lake linadanganya kidogo, kwa maana kazi yake ni kuupa mshale mchapuko: mkono ukienda polepole, mshale huenda polepole zaidi, mkono ukienda haraka, mshale hupaa. Wakati wa kupima, swichi hii huzimwa, kwa sababu ikiwa imewashwa kila kipimo hutoka tofauti kulingana na haraka ya mkono.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Rula huwekwa mezani kando ya kipanya. Mshale hupelekwa ukingo wa kushoto wa skrini, kisha kipanya husogezwa kulia hadi mshale uguse ukingo wa pili, na umbali uliotembewa husomwa kwenye rula. Skrini yenye upana wa pikseli 1920, ambayo ndiyo iliyoenea maofisini kwa sasa, huvukwa kwa sentimita 3 hivi kipanya kikiwa 1600, kwa sentimita 4 kikiwa 1200, na kwa sentimita 6 kikiwa 800, Windows ikiwa katikati. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366, kwa hiyo umbali hupungua: kwa 800 huwa sentimita 4 na kidogo.

Wima: mwendo mrefu, kifundo kimetulia

Tuchukue mfano wa mhasibu wa duka la jumla anayejaza majedwali ya Excel tangu asubuhi hadi jioni. Kifundo cha mkono wake wa kulia kinauma upande wa juu. Amenunua kipanya cha wima cha bei ya chini chenye kitufe kidogo nyuma ya gurudumu, kinachobadilisha kasi kati ya 800, 1200 na 1600. Amekichomeka, kikiwa tayari kwenye 1600, akaanza kazi. Baada ya siku kadhaa maumivu ya juu yamepungua, lakini sasa yapo upande wa ndani wa kifundo, na vilevile anahisi uchovu kwenye kidole gumba.

Kilichotokea kinaonekana ukimtazama kwa karibu. Kwa 1600 mshale unavuka skrini kwa sentimita 3 tu, na sentimita 3 haziuhitaji mkono mzima. Kigasha kimelala juu ya meza kama kilichogundishwa, na kiganja kinapepea ndani na nje kwa kutumia kifundo. Kwenye kipanya cha kawaida kupepea huko kungekipindisha kifundo kushoto na kulia. Kwenye kipanya cha wima, kwa kuwa mkono umesimama, kupepea kulekule kunakikunja kifundo na kukikunjua, mwendo unaozivuta kano zilezile tisa za ndani ya mfereji. Mkono umekaa vizuri, ila unafanya kazi vibaya.

Dawa yake ni kuipunguza kasi mpaka kifundo peke yake kisiweze kufika. Mhasibu huyu anashusha kipanya hadi 800 na kupata sentimita 6. Bado anajikuta akipepea kwenye safari fupi, basi anateremsha Windows kutoka ngazi ya 10 hadi ya 8, na skrini nzima sasa inadai sentimita 8. Kwa umbali huo kigasha hakina budi kuteleza mezani, na kiwiko ndicho kinachoongoza. Kwa siku mbili za kwanza kazi itaonekana nzito na ya polepole. Hilo ni la kawaida, na si vyema kuibadilisha kasi kila saa, kwa sababu mkono hauzoei kitu kinachobadilika.

Upande wa pili wa mizani nao una dalili zake. Kasi ikiwa ndogo mno, mtumiaji huanza kukiinua kipanya na kukirudisha nyuma ili amalizie safari. Kipanya cha wima ni kirefu na si rahisi kukiinua. Mkono hukibana kati ya kidole gumba na vidole vingine, na kidole gumba ndicho kinachochoka. Kukiinua mara moja moja si neno. Kukiinua katika kila safari ya kuvuka skrini ni ishara kwamba ngazi moja inatakiwa kurudishwa juu. Bega likianza kuuma, kosa mara nyingi si la kasi bali la mahali: kipanya kipo mbali, nje ya sehemu ya tarakimu za kibodi, na mkono unafanya kazi ukiwa umenyooshwa. Kukivuta karibu, kiwiko kikae ubavuni, huondoa tatizo hilo bila kugusa mpangilio wowote.

Kipanya cha wima kina ila moja ambayo wauzaji hawaitaji. Vitufe vyake vipo ubavuni, kwa hiyo kidole kinapobofya hakisukumi chini kuelekea meza. Kinakisukuma kipanya kizima pembeni. Kipanya kikiteleza hata nusu milimita, mshale huhama wakati uleule wa kubofya. Namna ya kuligundua hili ni kuuweka mshale juu ya mstari mwembamba unaotenganisha vichwa vya safu mbili katika Excel, kisha kubofya taratibu na kutazama kama alama ya mshale inabadilika. Ikiwa inahama, mtumiaji atakuwa anajikinga kwa kusukuma kutoka upande wa pili kwa kidole gumba, na hapo ndipo uchovu wa mhasibu wetu ulipotokea. Kasi ndogo hupunguza athari hiyo yenyewe, maana kuteleza kulekule huwa pikseli chache zaidi. Kinachosaidia pia ni kuweka ukingo wa chini wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, uguse meza na uwe breki, badala ya kukibana kipanya.

Mpira: mwendo mfupi, na mchapuko uwashwe

Kwa kipanya cha mpira mambo hugeuka. Hapa hakuna kigasha cha kubeba safari ndefu. Kila sentimita ya mshale hulipwa na kidole, na kidole kina mwendo mfupi kabla ya kulazimika kunyanyuka na kuanza upya.

Mpira wa kidole gumba, kama ule wa Logitech M575, una kipenyo cha milimita 34 hivi, kwa hiyo kuuzungusha mzunguko mzima ni karibu sentimita 11. Ukiwekwa 400 bila mchapuko, kuvuka skrini ya pikseli 1920 hudai sentimita 12, zaidi ya mzunguko mzima. Kidole gumba husukuma sentimita 3 hivi kwa mkupuo mmoja, basi safari moja ni mikupuo minne. Ukizidisha kwa safari za siku nzima, si ajabu shina la kidole gumba likavimba. Mpira mkubwa unaosukumwa kwa vidole viwili au vitatu, kama ule wa Kensington Expert Mouse wenye kipenyo cha milimita 55, ni wa hisani zaidi, kwa sababu vidole virefu vinasafiri zaidi kwa mkupuo mmoja na mzigo unagawanywa.

Kupandisha kasi mpaka skrini ivukwe kwa mkupuo mmoja kunaonekana kuwa jibu, lakini kukifanywa kwa kasi pekee mshale huwa mkali mno pale unapotakiwa kutua. Kidole hakina uzito wa kipanya wala msuguano wa meza wa kukituliza. Kila mtetemo mdogo hufika kwenye skrini. Hapo ndipo ile swichi ya "Enhance pointer precision", ambayo wachezaji wa michezo ya kompyuta huizima kwa sababu nzuri zao, inapokuwa rafiki. Ikiwa imewashwa, msukumo wa haraka huurusha mshale hadi ng'ambo, na msukumo wa polepole huusogeza pikseli moja moja. Kwenye kompyuta za Mac mchapuko huwa umewashwa tangu mwanzo, na matoleo ya karibuni yana swichi ya "Pointer acceleration" ya kuuzima.

Mpangilio wa kuanzia unaofaa wengi ni kipanya kati ya 600 na 1000, Windows ngazi ya 10, mchapuko umewashwa. Kasi huongezwa kidogo kidogo mpaka msukumo mmoja wa haraka uufikishe mshale kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha hujaribiwa upande wa pili: mshale hupelekwa mara kumi kwenye kile kisanduku kidogo cha kufungia dirisha. Ukipitiliza na kurudi katika majaribio mengi, kasi imezidi na inashushwa ngazi moja. Kati ya mikupuo mingi na kupitiliza, mtu ambaye kidole chake tayari kinauma afadhali avumilie mkupuo wa pili, kwa sababu kupitiliza hukaza misuli kwa namna ambayo mkupuo wa ziada haukazi.

Kabla ya kugusa kasi yoyote ya kipanya cha mpira, usafi hukaguliwa kwanza. Mpira hukaa juu ya vijiwe vitatu vidogo, na mafuta ya ngozi yakichanganyika na vumbi hufanya utando mgumu juu yake. Dalili ni kwamba mshale unakwenda vizuri kushoto na kulia lakini unakwamakwama kwenda juu, au unahitaji msukumo wa nguvu kuanza safari kisha unaruka ghafla. Mtumiaji hudhani kasi ni ndogo na kuipandisha, na tatizo huzidi. Vipanya vingi vya aina hii vina tundu chini. Mpira husukumwa kwa nyuma ya kalamu ukatoka, vijiwe vikafutwa kwa kitambaa kikavu au kijiti cha pamba, na mpira ukarudishwa. Katika ofisi yenye vumbi hilo ni jambo la kila wiki.

Vitufe: kidole gani kibebe nini

Kasi ikishatulia, kinachobaki ni vitufe, na humu ndimo mna nafuu kubwa ambayo wengi hawaigusi. Kubofya kwenyewe si kazi nzito. Kinachoumiza ni kubofya mara mbili harakaharaka na, zaidi ya yote, kuburuta: kukishikilia kitufe kimebonyezwa huku mkono uleule ukisafiri. Wakati wa kuburuta misuli hukaza bila kupumzika, na kwenye kipanya cha mpira vidole vya mkono mmoja hulazimika kushikilia na kuviringisha kwa pamoja.

Windows ina dawa ya kuburuta ndani yake, iitwayo "ClickLock". Hupatikana katika ukurasa uleule wa kipanya, kupitia "Additional mouse settings", chini ya kichupo cha "Buttons". Ikiwashwa, kitufe kikishikiliwa kwa muda mfupi na kuachiwa, kompyuta hukichukulia kuwa bado kimebonyezwa. Mtumiaji huupeleka mshale anakotaka, mkono ukiwa huru, kisha hubofya mara moja kumaliza. Muda wa kushikilia hurekebishwa kwa kitufe cha "Settings" kilicho kando yake. Ukiwa mfupi mno, kila mbofyo wa mtu asiye na haraka hugeuka kufuli, na dalili yake haijifichi: maandishi yanajipaka rangi yenyewe nyuma ya mshale unaotembea. Hapo muda huongezwa.

Bora zaidi ni kuondoa sababu ya kuburuta. Mhasibu wetu alikuwa akichagua mistari mia mbili ya jedwali kwa kushikilia kitufe na kushuka nayo. Kazi hiyohiyo hufanyika kwa kubofya seli ya kwanza, kusogea hadi ya mwisho, kisha kubofya huku mkono wa kushoto umeshikilia Shift. Fomula aliyokuwa akiiburuta hadi chini hushuka yenyewe akibofya mara mbili kile kimraba kidogo kilicho kwenye pembe ya seli, mradi safu ya jirani ina data. Kufungua mafaili nako hakuhitaji mibofyo miwili: katika "Folder Options" lipo chaguo la "Single-click to open an item (point to select)", na likichaguliwa mbofyo mmoja hutosha.

Ugawaji wa vitufe wenyewe hufanywa kwa programu ya kampuni iliyotengeneza kifaa. Logitech ina Options+, Kensington ina KensingtonWorks. Kensington Expert Mouse ni mfano mzuri wa kufikiria, kwa kuwa ina vitufe vinne vikubwa vilivyouzunguka mpira. Kwa mkono wa kulia, cha chini kushoto huangukia kidole gumba nacho ndicho cha kubofya; cha chini kulia huangukia kidole cha pete na cha mwisho, nacho hufungua menyu. Viwili vya juu huja na kazi zisizotumika sana, cha kushoto mbofyo wa kati na cha kulia kurudi nyuma. Mtu asiye na maumivu ya kidole gumba hufaidika akikipa kitufe kimoja cha juu mbofyo wa mara mbili, na kingine kazi ya kukishikilia kitufe kwa ajili ya kuburuta. Kidole gumba kikiwa ndicho kinachouma, mbofyo mkuu huhamishiwa chini kulia, ubonyezwe kwa vidole viwili pamoja, na menyu iende kushoto, kwa kuwa menyu haiitwi mara nyingi.

Maumivu yakiwa kwenye shina la kidole gumba, upande wa kifundo, na yakizidi mtu anapofungua kizibo cha chupa, mpira wa kidole gumba haufai hata uwe na mipangilio gani. Kano za kidole hicho tayari zimechokozwa, na kukifanya ndicho kiendeshe mshale ni kuzichokoza tena. Kwa mtu huyo chaguo ni mpira wa vidole au kipanya cha wima, na kwenye kipanya cha wima vitufe vya ubavuni vinavyoangukia kidole gumba huachwa bila kazi ya mara kwa mara.

Gurudumu la kusogeza ukurasa huchukuliwa kuwa jambo dogo, ila kidole kinachokunjwa na kukunjuliwa mamia ya mara huchoka kama kinachobofya. Windows husogeza mistari mitatu kwa kila mkato wa gurudumu. Ikiongezwa hadi sita au saba katika ukurasa uleule wa "Mouse", kazi ya kidole hupungua kwa nusu. Katika vivinjari vingi kwenye Windows, kulibonyeza gurudumu mara moja huweka alama ndogo ukurasani, na ukurasa hutiririka wenyewe mshale ukishushwa chini ya alama hiyo.

Kubadili mkono

Njia nyingine ya kuupumzisha mkono ni kuhamia mwingine. Vipanya vya wima hujengwa kwa mkono mmoja na haviwezi kugeuzwa, ingawa baadhi hutolewa pia katika toleo la kushoto, kama Logitech Lift. Vipanya vya mpira vyenye umbo linganifu hufaa pande zote mbili. Mpira ukihamia kushoto, kidole gumba huangukia kitufe cha chini kulia, kwa hiyo vitufe hugeuzwa. Chaguo la "Primary mouse button" la Windows hugeuza vitufe vya vipanya vyote vilivyochomekwa. Aliyeweka kipanya cha wima kulia na cha mpira kushoto, ili abadilishane nusu siku kwa nusu siku, atajikuta kimoja kati ya viwili kimekuwa kinyume daima. Mtu huyo huiacha Windows ilivyo na kukigeuza kipanya cha kushoto peke yake kupitia programu ya kampuni.

Programu hizo haziruhusiwi katika kila ofisi. Pale ambapo mtumiaji hana ruhusa ya kusakinisha kitu, hubaki na kasi ya Windows, "ClickLock", idadi ya mistari na kitufe cha kasi kilicho juu ya kipanya, na hivyo vinne vinatosha kufanya karibu kila kilichoelezwa hapa isipokuwa ugawaji wa vitufe. Kitufe hicho cha kasi nacho hubonyezwa kwa bahati mbaya. Siku mshale unapoonekana kuwa na haraka au uzito usio wake, rula hutolewa na kipimo hurudiwa kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Mahali mipangilio inapoishia

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watu ambao neva ya kifundo ilikuwa tayari imebanwa ndani ya ule mfereji. Kipanya cha wima kilibadilisha mkao wa kifundo chao, lakini shinikizo ndani ya mfereji halikupungua. Matokeo hayo yanaonyesha vizuri mpaka wa vifaa hivi: vinaweza kuondoa kinachouchokoza mkono, lakini havitibu neva iliyokwisha kubanwa.

Kwa hiyo aina ya maumivu ni muhimu kuliko ukali wake. Uchovu na kuuma kunakoanza mchana na kuisha baada ya usingizi ni kazi ya mipangilio, na badiliko moja hupewa wiki moja au mbili kabla ya kuhukumiwa. Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa inayomwamsha mtu usiku akaukung'uta mkono, ni dalili ya neva ya katikati kubanwa. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete huelekeza kwenye neva nyingine, ile inayopita kiwikoni, ambayo mara nyingi hubanwa na ukingo wa meza au kwa kiwiko kukaa kimekunjwa muda mrefu. Hapo kipanya huenda hakihusiki kabisa. Vitu vikianza kuponyoka mkononi, au nyama iliyo chini ya kidole gumba ikaonekana imesinyaa kuliko ya mkono wa pili, mtu hupaswa kwenda hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu neva iliyobanwa muda mrefu huweza kushindwa kurudisha nguvu zake hata baada ya kutibiwa.